Mashahidi wanne, chanzo kimoja

*Nina nakala za mahojiano saba, karibu kurasa 140, na bosi anataka matokeo ya kurasa nne kufikia Jumatatu. Mwanasheria wetu ameirudisha rasimu yangu ya kwanza. Kila aya ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Nani mwingine alisema hivi?" Nawekaje alama kwenye madai yaliyosemwa na mtu mmoja tu, bila ripoti nzima kuonekana kama umbea? Afisa wa uzingatiaji wa kanuni, Upper Hill, Nairobi.*

Dada, mwanasheria wako amefanya vizuri kukurudishia, ila swali lake lina mtego. Ukilijibu jinsi lilivyo, utaanza kuhesabu midomo. Utapata watu wanne waliosema jambo lile lile, utaandika "mashahidi wanne walithibitisha", na wino mwekundu utakwisha. Kumbe wote wanne huenda wamechota kwenye ndoo moja. Swali la kuuliza kila aya ni hili: nani mwingine alilijua jambo hili kwa njia yake mwenyewe?

Nalisema hili kwa sababu lilinikuta. Miaka ya nyuma niliandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi watatu walimwona mwenzao akitoa bidhaa usiku. Siku ya kusikilizwa, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hakubishana na mtu. Aliwauliza mmoja mmoja, "Wewe, macho yako, yaliona?" Wa kwanza akasema ndiyo. Wa pili akamwonyesha wa kwanza kwa kidole: "Huyu ndiye aliniambia." Wa tatu vivyo hivyo. Ripoti ya kurasa kumi na nane iliisha nguvu kwa dakika tano, na lile jambo moja ambalo yule wa kwanza aliliona kweli likazama pamoja na yale mengine.

Nitakuonyesha kazi yenyewe kwa mfano mmoja, nilioutunga kutokana na kazi kadhaa ili usimwangukie mtu yeyote. Ghala liko Viwandani, upande wa Enterprise Road. Malalamiko ni kwamba supavaisa wa stoo anapokea pesa kutoka kwa kampuni moja ya usafirishaji ili malori yake yapakiwe kabla ya mengine. Wamehojiwa watu saba: mlinzi wa geti (Shahidi wa 1), karani wa stoo (wa 2), mhasibu msaidizi (wa 3), dereva wa forklifti (wa 4), kibarua wa kupakia (wa 5), dereva wa lori la kampuni nyingine (wa 6), na supavaisa mwenyewe (wa 7). Afisa aliyesoma nakala kwa haraka aliandika hivi:

"Mashahidi wanne walithibitisha kwamba supavaisa hupokea shilingi 20,000 kila Ijumaa kutoka kwa dereva wa msafirishaji."

Sentensi safi, na ukiisoma unaona kazi imekamilika. Sasa turudi kwenye nakala, mstari kwa mstari. Kama nakala zako hazina namba za mistari, ziweke leo kabla ya kufanya kitu kingine chochote, kwa sababu bila hizo hutaweza kumwonyesha mwanasheria dai limetoka wapi.

Shahidi wa 3, mstari wa 41: "Huyo jamaa hula elfu ishirini kila Ijumaa. Hiyo inajulikana." Mhoji akauliza, "Ulijuaje?" Jibu, mstari wa 44: "Karani wa stoo alituambia tukila chakula cha mchana."

Shahidi wa 5, mstari wa 112: "Tuliona akipewa." Hapa afisa alipiga tiki na kuendelea. Angesoma mistari saba zaidi angekuta mhoji akiuliza, "Ulikuwa umesimama wapi?" na jibu, "Nilikuwa nje napakia. Aliyekuwa ndani si ni karani."

Shahidi wa 4, mstari wa 67. Mhoji: "Tumeambiwa kulikuwa na bahasha ya kaki. Uliiona?" Shahidi: "Eeh, hiyo niliiona."

Na Shahidi wa 2, karani, mistari ya 88 hadi 96: "Ilikuwa Ijumaa, tarehe siikumbuki, lakini ni ile wiki ya mwisho kabla tufunge vitabu vya Machi. Nilikuwa napeleka karatasi za kupokelea mzigo ofisini kwake. Huyo dereva akatoa bahasha ya kaki kwenye jaketi, akaiweka chini ya kitabu cha oda. Supavaisa hata hakuiangalia. Mimi nikaweka karatasi zangu nikatoka." Mhoji: "Zilikuwa pesa ngapi?" Shahidi: "Watu husema ni elfu ishirini." Mhoji: "Watu gani?" Shahidi: "Si hao vijana wa kupakia."

Chukua karatasi tupu uchore mishale. Wa 3 anaelekea kwa wa 2. Wa 5 anaelekea kwa wa 2. Wa 4 tutamrudia. Kuhusu bahasha, mishale yote inaishia kwa karani, na karani aliona kwa macho yake. Hicho ni chanzo kimoja chenye watu wawili wanaokirudia. Kuhusu elfu ishirini mambo ni mabaya zaidi: karani alisikia kwa vijana wa kupakia, na kijana wa kupakia tuliyemhoji alisikia kwa karani. Mishale inazunguka duara. Namba hiyo haina mtu hata mmoja aliyeiona, kwa hiyo haistahili hata alama ya chanzo kimoja. Kwenye jedwali langu naandika "asili haikupatikana", na haingii kwenye matokeo hata kama imetajwa mara kumi na moja kwenye nakala.

Utagundua kwamba mchoro huu hauwezi kufanywa kwa kutafuta neno "bahasha" au "elfu ishirini" kwenye kompyuta. Neno la kutafuta ni lile linaloonyesha njia ya kujua: niliona, nilisikia, aliniambia, nilisoma, nilidhani, inajulikana. Mimi husoma kila nakala mara mbili. Mara ya kwanza nasoma habari yenyewe. Mara ya pili nasoma vitenzi hivyo tu, na kalamu ya rangi nyingine.

Kiswahili chetu kina mitego yake hapa, na hakuna mwongozo wa kigeni utakaokuambia. Wa kwanza ni "tuliona". Mtu wa Nairobi akisema "tuliona" au "sisi tunajua", mara nyingi anajificha kwenye kundi, au ni adabu tu ya kutojitanguliza. Usiandike kamwe "wafanyakazi waliona" kwa sababu ya "tu" ya mtu mmoja. Uliza ni akina nani, majina, na kila mmoja alikuwa wapi.

Wa pili ni "hu". Karani aliona tukio moja, Ijumaa moja. Shahidi wa 3 alipolirudia likawa "hula kila Ijumaa", na afisa akaandika "hupokea". Kiambishi cha herufi mbili kimegeuza tukio kuwa tabia, na kwenye kesi ya nidhamu tofauti hiyo ni kubwa. Kila "hu" na kila "huwa" kwenye rasimu yako ifuatilie hadi ujue ni mara ngapi mtu aliona.

Wa tatu ni "alipewa", "aliambiwa", "inasemekana", "inadaiwa". Vitenzi hivi vinamficha mtendaji. Shahidi anaposema "alipewa", uliza na nani. Na wewe unapoandika "inadaiwa", unamficha shahidi wako mwenyewe, na bodi haitajua kama wanaodai ni wawili au kijiji kizima. Kuna pia "eti", ambayo waandishi wengine huitumia wakidhani inaonyesha tahadhari. "Eti" humfanya shahidi aonekane mwongo. Neno la kazi hii ni "kwamba": Shahidi wa 2 alieleza kwamba. Halimwamini wala halimbezi.

Kama mahojiano yalikuwa kwa Kiswahili na Sheng na ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida kwenye ofisi nyingi za hapa, mitego hii inazidi. "Alimwambia alipewa" haina mwanamume wala mwanamke, na haisemi ni nani kati ya hao wawili aliyepewa. Mfasiri atalazimika kuchagua, na chaguo lake litasomwa kama maneno ya shahidi. Sentensi zote zenye uzito ziache kwa maneno ya asili pembeni ya tafsiri, na usikilize sauti yenyewe mahali hapo. Wachapaji huwa na huruma: mtu akisema "nili... nadhani niliona", wanamsafishia ikawa "niliona".

Turudi kwa dereva wa forklifti. Kwenye rasimu alihesabiwa kama shahidi wa pili wa bahasha. Lakini tazama nani aliitaja bahasha kwanza: ni mhoji, na rangi yake juu. Shahidi aliitikia tu. Huwezi kumwita chanzo huru, maana alichosema kilitoka kwa karani kikapitia kinywani mwetu wenyewe. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na halionekani kwa kusoma majibu peke yake. Kwa kila dai, pekua ujue undani wake ulitajwa kwanza na nani: shahidi au mhoji. Ukikuta ni mhoji, andika kwenye jedwali "alidokezwa" na usimhesabu.

Kuna namna ya kurekebisha kidogo. Mrudie shahidi kwa swali lililo wazi: "Ijumaa hiyo jioni ulikuwa wapi, na uliona nini kuanzia hapo?" Kwenye mfano wetu alijibu kwamba alikuwa kwenye forklifti mbele ya mlango, akamwona dereva akiingia ofisini, na kutoka pale alipokaa meza haionekani. Kwa hiyo anaunga mkono kuingia ofisini. Bahasha hakuiona. Ukimhoji tena namna hii, andika wazi kwamba alikuwa amekwisha kusikia habari ya bahasha, kwa sababu kilichodokezwa hakiwezi kufutwa kichwani.

Hapo unaona kwa nini dai ni lazima livunjwe vipande kabla ya kuhesabu vyanzo. Ile sentensi safi ina madai matano ndani yake: dereva aliingia ofisini, alitoa bahasha, ndani yake mlikuwa na pesa, zilikuwa elfu ishirini, inatokea kila Ijumaa. La sita halikuandikwa ila ndilo kiini cha malalamiko, kwamba malori yake yanapendelewa. Kila kipande kina hali yake. Ukiweka alama moja kwa sentensi nzima, ama utakishusha kipande chenye ushahidi mzuri, ama utakipandisha kisicho na kitu.

Tuanze na upendeleo, maana ndipo penye nguvu na rasimu ilipapita. Shahidi wa 1, mlinzi, alisema supavaisa humpigia simu Ijumaa akimwambia ayaingize malori ya msafirishaji huyo mbele ya foleni. Kitabu cha geti kilionyesha kwamba katika Ijumaa 13 za Januari hadi Machi, Ijumaa 9 lori la msafirishaji huyo liliingia kabla ya malori yaliyoandikishwa mapema zaidi. Mtu wa haraka ataandika: shahidi mmoja na hati moja, vyanzo viwili. Ngoja kwanza. Kitabu hicho aliyekiandika ni nani? Ni mlinzi yule yule. Mkono ni mmoja. Kina thamani kwa sababu kiliandikwa siku hiyo hiyo, kabla ya malalamiko yoyote, lakini hakiwezi kumthibitisha mwandishi wake kana kwamba ni mtu mwingine. Kilichotuokoa ni tiketi za mizani. Mashine ya kupima malori hutoa tiketi yenye saa, na saa hizo zililingana na kitabu. Sasa foleni kurukwa ina vyanzo viwili kweli. Ile simu ya supavaisa kwa mlinzi, hata hivyo, bado ni ya mlinzi peke yake, hadi kumbukumbu za simu ya geti zitazamwe.

Shahidi wa 6, dereva wa kampuni nyingine, naye alilalamikia foleni. Ana maslahi, na ripoti iseme hivyo kwa maneno machache, lakini alikuwepo na aliona.

Halafu bahasha. Kitabu cha geti na mizani vinaonyesha lori lilikuwa ndani ya ghala Ijumaa ya mwisho ya Machi, saa kumi na dakika kumi jioni. Wa 4 anaunga mkono dereva kuingia ofisini. Yote haya yanaizunguka simulizi ya karani na kuonyesha kwamba inawezekana, ila hayagusi bahasha yenyewe. Nimeona ripoti nyingi zikisema "maelezo ya shahidi yamethibitishwa na kitabu cha geti" wakati kilichothibitishwa ni kwamba gari lilifika. Ukitaja uthibitisho, taja umethibitisha kipande kipi.

Supavaisa aliulizwa. Mstari wa 203: "Huwa analeta ankara za mwezi kwa bahasha. Pesa, hapana." Huyu ni mtuhumiwa, na bado amekupa kitu: anakubali kwamba bahasha huja kwake. Amekupa pia maelezo yanayoweza kupimwa. Idara ya hesabu ilionyesha kwamba tangu Januari ankara za msafirishaji huyo zote zimekuja kwa barua pepe. Hilo linadhoofisha maelezo yake. Haliweki pesa ndani ya bahasha. Siku hizi za M-Pesa, bahasha inapendwa kwa sababu hiyo hiyo: haiachi ujumbe nyuma yake.

Sasa alama. Nimejaribu mifumo ya rangi, nyota na madaraja saba ya uhakika, nikaacha yote. Bodi haikumbuki nyota tatu ni nini. Ninazo alama tatu tu, zimeandikwa kwa maneno, ndani ya mabano ya mraba, mwishoni mwa sentensi ile ile inayohusika: VYANZO HURU, ikifuatwa na orodha yake, CHANZO KIMOJA, ikifuatwa na shahidi, mistari, na kama aliona au alisikia, na HATI PEKE YAKE, pale ambapo hakuna mtu aliyelisema. Maelezo ya chini ya ukurasa hayatoshi, kwa sababu mtu akinakili aya na kuipeleka kwenye barua pepe, alama inabaki nyuma na dai linasafiri likiwa tupu.

Sentensi yenyewe pia ibebe alama kwa sarufi yake. Penye vyanzo huru andika jambo kama jambo: malori yaliingizwa. Penye chanzo kimoja mtu ndiye aanze sentensi: Shahidi wa 2 alieleza kwamba. Hivyo hata mabano yakifutwa na mhariri asiyejua, msomaji bado ataona nani amesema.

Matokeo yakawa hivi:

"1. Kati ya Januari na Machi, katika Ijumaa 9 kati ya 13, lori la msafirishaji liliingizwa kupakia kabla ya malori yaliyofika mapema zaidi. [VYANZO HURU: Shahidi wa 1 pamoja na kitabu chake cha geti, tiketi za mizani, Shahidi wa 6, mwenye maslahi.] Shahidi wa 1 alieleza kwamba aliagizwa hivyo na supavaisa kwa simu. [CHANZO KIMOJA: Shahidi wa 1, aliagizwa mwenyewe.]

2. Shahidi wa 2 alieleza kwamba Ijumaa ya mwisho ya Machi alimwona dereva wa msafirishaji akiweka bahasha ya kaki chini ya kitabu cha oda mezani pa supavaisa. [CHANZO KIMOJA: Shahidi wa 2, mistari 88–96, aliona mwenyewe.] Lori kuwepo ghalani wakati huo, na dereva kuingia ofisini, kunaungwa mkono na tiketi ya mizani na Shahidi wa 4. Supavaisa anakubali kwamba dereva huleta bahasha, anakana kwamba zina pesa, na anasema ni ankara. Kumbukumbu za hesabu zinaonyesha ankara zilikuja kwa barua pepe. Hakuna shahidi aliyeona kilichokuwa ndani ya bahasha. Mashahidi wa 3 na wa 5 walirudia habari waliyoisikia kwa Shahidi wa 2 na hawakuhesabiwa."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayomnyamazisha mwanasheria wako. Inaonyesha kwamba uliwaona hao wawili, ukawapima, ukawaweka kando ukijua kwa nini. Usipoiandika, mtu atakuja mwezi ujao aseme umesahau mashahidi.

Kosa lingine huja mwishoni, kwenye muhtasari wa ukurasa mmoja wa bodi. Ripoti ya ndani ina alama zote, halafu muhtasari unasema "uchunguzi umebaini supavaisa alipokea bahasha kutoka kwa msafirishaji". Bodi husoma ukurasa huo tu. Dai la chanzo kimoja likiingia kwenye muhtasari, liingie na shahidi wake na alama yake. Nafasi ikikosekana, afadhali lisiingie kabisa.

Usidhani pia kwamba chanzo kimoja maana yake ni dai dhaifu. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 143, inasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo, isipokuwa pale sheria nyingine inaposema vinginevyo. Mtu mmoja aliyekuwa mahali pazuri pa kuona, aliyesema mapema, asiyefaidika, na ambaye hakuongeza chumvi, anaweza kuwa na uzito kuliko sita wa kusikia. Karani wetu ni wa namna hiyo: alipoulizwa kiasi hakukidai kuwa ameona. Alama inaeleza jambo linasimama juu ya nini. Uzito unauandika pembeni kwa sentensi mbili, na uamuzi ni wa wengine. Kwenye kumfukuza mtu kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu na amsikilize akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha athibitishe sababu ambazo aliamini kwa dhati kuwa zipo. Alama zako zitamwonyesha mwajiri ni dai lipi atalazimika kulitetea kwa shahidi mmoja siku hiyo.

Tahadhari moja ya haraka: alama isiwe kisingizio cha kungoja shahidi wa pili wakati saa inakimbia. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka, hata kwenye kampuni binafsi, atoe taarifa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 akijua au akishuku hongo. Inatosha kushuku. Zungumza na mwanasheria wako kuhusu hilo leo, msingoje Jumatatu.

Na kuna hatari iliyomo ndani ya alama yenyewe. Ukiandika "CHANZO KIMOJA, aliona mwenyewe, akiwa ofisini kwa supavaisa", umemtaja karani hata bila jina, kwa kuwa supavaisa anajua ni nani aliingia na karatasi siku ile. "Shahidi wa 2" haimfichi mtu yeyote. Kwa hiyo ninaandaa nakala mbili. Ya kamati ina kila kitu. Inayozunguka zaidi inasema tu "chanzo kimoja cha kuona", bila mahali na bila kazi yake, na jedwali la namba na majina linakaa kwa mtu mmoja. Pale ambapo haiwezekani kumficha, mwambie shahidi mapema, kabla ripoti haijatoka, na uandike kwamba umemwambia. Sheria ya Hongo inakataza kumsumbua mtoa taarifa, lakini siku za kwanza ni wewe ndiye uko karibu naye.

Jumapili jioni, kabla ya kutuma, fanya jaribio moja. Chukua nakala ya shahidi anayetajwa zaidi, ifunge kwenye droo, kisha usome matokeo yako ukifuta kila kilichotoka kwake. Kwenye mfano wetu, ukimwondoa karani, tokeo la kwanza linabaki zima na la pili linabaki na dereva aliyeingia ofisini Ijumaa jioni, pamoja na supavaisa anayesema ni ankara. Ukimwondoa mlinzi, simu inapotea lakini tiketi za mizani bado zina saa zake. Andika mistari hiyo miwili mitatu chini ya matokeo na umpelekee mwanasheria.